Kilo ngapi kwa kyubiki? Misumari na mafuta ya shata kwenye lenta na slebu

Hotuba kwa mafundi, wasimamizi wa saiti na wanafunzi wa ujenzi, Uyole, Mbeya

Wazee wetu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huku nyuma na madaftari: kamwene kwa waliotoka Iringa na Mafinga, mwagonile kwa wenyeji wetu, na wa Njombe na Songwe shikamooni na habari zenu kwa pamoja, tusije tukamaliza muda kwenye salamu.

Nimeletewa swali moja. Kyubiki moja ya zege inakula kilo ngapi za misumari, na lita ngapi za mafuta ya shata? Fundi anataka namba ya kushika kichwani, ili mwenye nyumba akiuliza asianze kukuna kichwa. Nimewahi kusikia wengine wanasema kilo mbili. Wengine wanasema tatu. Ukiwauliza kilo mbili za zege lipi, wanakuangalia kama umewatukana.

Namba nitawapa. Ila zitakuwa zaidi ya moja, na nitaeleza zinatoka wapi, maana ukijua zinatoka wapi utaweza kuzitengeneza mwenyewe nyumba ikibadilika.

Msumari haushiki zege, unashika mbao. Mafuta nayo hayaingii kwenye zege, yanapakwa kwenye uso wa mbao unaogusana na zege. Kwa hiyo kabla hujasema kilo kwa kyubiki, lazima ujue kyubiki hiyo imevaa mita ngapi za mraba za shata. Hapo ndipo watu wanapopotezana.

Chukueni kyubiki moja muimwage kama slebu ya unene wa sentimita 15. Itatandaa mita za mraba 6.7 hivi, na chini yake mtahitaji shata ya eneo hilohilo. Kyubiki hiyohiyo muimwage kama lenta ya upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20. Itakimbia urefu wa mita 33, na kila mita ina mbao pande mbili, yaani mita za mraba 13 na kitu. Muimwage kama nguzo ya sentimita 23 kwa 23, itapanda karibu mita 19, na ukizungushia mbao pande zote nne unafika mita za mraba 17. Halafu muimwage kwenye mtaro wa msingi uliochimbwa vizuri kwenye udongo mgumu. Shata hakuna. Kilo za misumari ni sifuri.

Zege ni lile lile, saruji ni ile ile, lakini shata inatoka sifuri hadi mita 17. Anayesema kilo mbili kwa kila kyubiki ya jengo zima, kwenye msingi anamwibia mwenye nyumba na kwenye lenta anajiibia mwenyewe.

Leo sitaki kupita kwenye kila kitu. Nataka tukae kwenye lenta, kwa sababu ndiyo kazi ambayo karibu kila mmoja hapa anaifanya, na ndiyo inayokula misumari kuliko watu wanavyodhani. Mwisho nitailinganisha na slebu.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ya tofali za inchi 6 zilizosimamishwa, kwa hiyo ukuta una sentimita 15. Ukipima kuta zote zinazobeba lenta, za nje na za ndani, tuseme umepata mita 62. Lenta ni sentimita 15 kwa 20. Zege lake ni 62 mara 0.15 mara 0.2, unapata kyubiki 1.86. Tuiite mbili kasoro kidogo.

Shata ya pembeni: mita 62, pande mbili, kimo mita 0.2, unapata mita za mraba 24.8. Kwenye madirisha na milango hakuna ukuta wa kubeba zege, kwa hiyo unaweka ubao wa chini na mirunda. Tuseme kuna madirisha saba ya mita moja na nusu na milango minne ya sentimita 90. Jumla ya uwazi ni mita 14 hivi, na ubao wa chini una upana wa sentimita 15, kwa hiyo unaongeza mita za mraba 2.1. Jumla yote ni mita za mraba 27 kasoro. Gawa kwa 1.86, unapata mita 14 na nusu za shata kwa kila kyubiki.

Sasa misumari. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nitahesabu msumari mmoja mmoja. Nimekuja na mzani wa duka, na nimenunua kilo moja ya inchi 3 na kilo moja ya inchi 4. Kijana wangu hapa mbele amehesabu. Za inchi 3 zimefika 150 na ushee, za inchi 4 zimefika 80 kasoro. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa msumari wa inchi 3 wenye unene wa milimita 3.75, na wa inchi 4 wenye milimita 4.5. Lakini dukani unaweza kupewa msumari mwembamba. Kilo itakuwa na misumari mingi zaidi, utafurahi, halafu utaanza kuipinda kwenye mbao mbichi ya mkaratusi. Kwa hiyo kabla ya makadirio, pima kilo ya duka lako uhesabu. Ni dakika chache.

Tuchukue kipande kimoja cha lenta, urefu wa ubao wa futi 12, yaani mita 3.6. Ubao ninaoutumia ni wa moja kwa kumi, kwa sababu lenta ina sentimita 20 na ninataka ubao ushuke sentimita tano hivi ukumbatie ukuta, zege lisivujie chini. Pande zote mbili ni mbao mbili.

Juu ya mbao hizo unavusha vipande vya kuzishika zisitanuke, kila sentimita 60. Kwa urefu wa mita 3.6 ni vipande sita. Kila kipande kinapigwa misumari miwili upande huu na miwili upande ule. Hiyo ni misumari 24 ya inchi 3. Ubao unapokutana na mwingine unaweka kiraka cha kuunganisha, misumari minane, na kwa kuwa una ubao kila upande ni misumari 16. Tumefika 40 ya inchi 3. Chini, ubao unapogusa ukuta, unapiga inchi 4 kwenye maungio ya tofali kila sentimita 90, pande mbili, ni misumari minane. Wapo wanaotoboa ukuta na kufunga kwa waya badala ya kupiga misumari, na kwenye ukuta mpya ambao udongo wa maungio bado laini, mimi pia nafanya hivyo. Hapo misumari minane unaitoa na kuandika waya.

Kwa hesabu ya misumari, misumari 40 ya inchi 3 ni gramu 270 hivi. Minane ya inchi 4 ni gramu 100. Jumla gramu 370 kwa kipande cha mita 3.6. Kipande hicho kina shata ya mita za mraba 1.44. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya shata ya lenta inakula robo kilo. Hiyo robo kilo ndiyo namba ya kushika kwa lenta. Ishike kwa mita ya mraba, usiishike kwa kyubiki.

Turudi kwenye nyumba yetu. Mita 62 zina vipande 17 na kidogo, unapata kilo 6.4. Kwenye uwazi wa madirisha na milango kila mmoja una ubao wa chini, mirunda miwili au mitatu na viunga vyake. Weka misumari 16 ya inchi 3 na sita ya inchi 4 kwa kila uwazi. Uwazi ni 11, kwa hiyo ni kilo mbili hivi. Tumefika kilo nane na nusu kasoro. Ongeza asilimia 15 ya misumari inayopinda, inayoangukia kwenye majani na ile inayotembea yenyewe kwenda kutengeneza banda la kuku la jirani. Unafika kilo tisa na nusu hivi. Mimi ningeandika kilo saba za inchi 3 na kilo tatu za inchi 4, basi.

Kilo kumi kwa kyubiki 1.86. Hizo ni zaidi ya kilo tano kwa kyubiki. Mara mbili na nusu ya ile kilo mbili ya mtaani.

Sasa angalieni jambo hili vizuri. Mwenye nyumba huyohuyo, ramani hiyohiyo, akisema tofali zilazwe badala ya kusimamishwa, ukuta unakuwa na sentimita 23. Lenta nayo inakuwa sentimita 23 kwa 20. Zege linapanda kutoka kyubiki 1.86 hadi 2.85. Misumari je? Mbao za pembeni ni zile zile mita 62, pande mbili, kimo kile kile. Vipande vya kuvusha ni vile vile, vimerefuka tu kidogo. Ubao wa chini umepanuka, lakini mirunda haijaongezeka. Misumari ni kilo kumi zile zile. Ukigawa kwa kyubiki unapata tatu na nusu. Aliyezoea kilo tano kwa kyubiki akiipeleka kwenye nyumba ya tofali za kulaza ataandika kilo 14, na mwenye nyumba akiwa mtu wa kufuatilia atauliza kilo nne zimekwenda wapi.

Fundi mmoja hapa mbele amenyoosha mkono. Sema, mzee wangu.

Anauliza: je, vipande vya kuvusha nikiviweka kila mita moja badala ya sentimita 60, si nitapunguza misumari?

Utapunguza, mzee wangu. Utaokoa misumari kama 10 kwa kila kipande cha mita 3.6, ambayo kwa nyumba nzima ni kilo moja na kidogo. Sasa tuone unachopoteza. Zege bichi lina uzito wa tani 2.4 kwa kyubiki, na linasukuma pembeni kama maji mazito. Kwenye lenta ya sentimita 20 msukumo si mkubwa, ni karibu kilo 50 kwa kila mita ya urefu kwa kila upande. Lakini ubao wa inchi moja ukishikwa kila mita moja unaanza kuvimba katikati, hasa ubao uliolowa. Tuseme umevimba sentimita moja tu kila upande, kwa nyumba nzima. Mita 62 mara sentimita mbili mara sentimita 20, ni robo kyubiki. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne hiyo ni mfuko mmoja na nusu wa saruji, na bado hujaweka kokoto na mchanga. Halafu anakuja fundi wa plasta, anakuta lenta imetoka nje ya ukuta, anaongeza unene wa plasta ukuta mzima ili afiche tumbo. Kilo moja ya misumari umeiokoa, sawa.

Kuvimba utakujua mapema. Funga kamba pembeni ya ubao kabla ya kumwaga, na mtu mmoja awe anaitazama wakati ndoo zinapita. Ukiona ubao umegusa kamba, simamisha, piga kipande. Zege likishakamata, hakuna nyundo itakayorudisha.

Kwenye nguzo ni habari nyingine, na nitaipita haraka. Nguzo ya mita tatu ukiijaza kwa mkupuo, chini kabisa msukumo unafika tani saba kwa mita ya mraba. Na huku kwetu Juni na Julai, asubuhi ya baridi, zege linachelewa kukamata, kwa hiyo msukumo huo unakaa muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Msumari una nguvu ukisukumwa kwa ubavu. Ukivutwa kwa urefu wake unachomoka, na ukiwa umepigwa kwenye kichwa cha ubao, kufuata nyuzi za mti, unachomoka upesi zaidi. Kwa hiyo nguzo haishikiliwi na misumari, inashikiliwa na fremu za mbao mbili kwa nne zinazozunguka pande zote, zikikaribiana zaidi chini kuliko juu. Msumari hapo kazi yake ni kuzuia fremu isiteleze. Makadirio yake fanya kwa kuhesabu fremu.

Tuje kwenye mafuta.

Tumebarikiwa mbao hapa Nyanda za Juu Kusini. Msonobari wa Sao Hill kule Mufindi, mkaratusi, mbao za Njombe na Makambako. Karibu zote zinatufikia zimepasuliwa tu, hazijapigwa randa, na mara nyingi zikiwa bado na maji. Ubao wa hivyo unanyonya mafuta. Lita moja kwenye msonobari mpya usiopigwa randa, kwa mazoea yangu, haipiti mita za mraba nane hadi kumi. Ubao huohuo ukitumika mara ya pili, vinyweleo vimekwisha kuziba na zege na mafuta ya kwanza, lita inakwenda mita 12 hadi 15. Plaiwudi ya marini yenye uso laini inafika 20 na zaidi, na shata ya chuma inazidi hapo. Namba iliyoandikwa kwenye dumu la mafuta mara nyingi ni ya chuma au plaiwudi. Ukiichukua hiyo ukaipeleka kwenye mbao za Mafinga, mafuta yatakuishia nyumba ikiwa nusu.

Kwa lenta yetu ya mita za mraba 27, mbao mpya, lita moja kwa mita tisa, unahitaji lita tatu. Gawa kwa 1.86, ni lita moja na nusu na kidogo kwa kyubiki. Hizo ni kwa uso mmoja wa ubao tu. Nimeona vijana wanapaka ubao pande zote mbili kama wanapaka mkate siagi, na lita tatu zinakuwa sita. Upande wa nje zege haulioni.

Ubao mpya unapakwa mara mbili. Siku moja kabla, paka ya kwanza ubao ukiwa chini, uache unywe. Siku ya kufunga shata, paka ya pili nyembamba sana. Halafu pitisha kidole. Kidole kikitoka kikavu kabisa, ongeza. Kikitoka na utando mwembamba unaong'aa, acha. Ukiona mafuta yanatiririka au yamekusanyika kwenye kona, chukua tambara ufute, na tambara hilo ndilo la kupakia ubao unaofuata.

Mafuta yakipungua, utayajua siku ya kufungua. Nyuzi za mbao zinabaki zimeng'ang'ania zege, kona za lenta zinabanduka, na ubao unapasuka wakati mnauvuta. Ubao mmoja wa moja kwa kumi ukipasuka, bei yake ni kubwa kuliko mafuta yote uliyookoa. Yakizidi, zege linatoka na madoa, matundu madogo madogo ya hewa, na uso wa unga unga ukipitisha mkono. Lakini si kila unga ni mafuta. Mbao mpya zina sukari ya mti, na sukari inachelewesha saruji kukamata pale juu juu. Ukifungua ukakuta uso wa kahawia unaopukutika, na mafuta hukuyazidisha, basi ni sukari. Dawa yake ni kupaka ubao mpya uji wa saruji kabla ya matumizi ya kwanza, ukauke, uusugue na kuuosha, ndipo upake mafuta.

Dada hapa anauliza kuhusu oili chafu ya gereji. Nilijua itakuja.

Oili chafu ni rahisi kupatikana, pale Mwanjelwa hukosi dumu. Na ubao utaachia, sikatai. Tatizo ni kwamba lenta inapigwa plasta. Oili nzito inabaki kwenye uso wa zege, na plasta haishiki juu ya oili. Utagonga ukuta baada ya miezi, pale kwenye mstari wa lenta utasikia mlio wa kitu kitupu, na siku nyingine plasta inaanguka mkanda mzima. Hata ikishika, doa jeusi linapenya hadi kwenye rangi. Tena inakuharibia ngozi ya mikono na udongo wa uani. Dizeli tupu haina doa kubwa, ila inapotea upesi kwa jua, ukipaka asubuhi na zege likachelewa hadi jioni ubao umekauka. Mimi kwa uso utakaopigwa plasta nataka mafuta ya shata yenyewe, yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tena kidogo. Na kama kazi umeikuta imekwisha kupakwa oili chafu, usipige plasta hivyohivyo. Sugua kwa brashi ya waya na sabuni, piga tindo uso mzima, urushie uji mzito wa saruji na mchanga, ukauke, ndipo plasta.

Na jambo moja lisilo na mjadala: mafuta yanatangulia nondo. Mbao za lenta zipakwe zikiwa chini, kabla nondo hazijawekwa. Nondo yenye mafuta haishikani na zege, na kushikana huko ndiko kunakofanya nondo ibebe mzigo. Nikikuta kijana anapitisha brashi katikati ya ringi, kazi nasimamisha na nondo zinafutwa.

Kwenye slebu hapo ndipo panapokuwa na mtihani, maana shata inapakwa, halafu wasuka nondo wanatembea juu yake siku mbili tatu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua yetu ya mchana inakuja katikati ya kazi na kuosha mafuta. Huwezi kupaka tena, nondo ziko juu. Kwa miezi hiyo naongeza robo ya mafuta kwenye makadirio, napaka kwa vipande mbele ya wasuka nondo badala ya kupaka slebu nzima siku moja, na naandika turubai.

Basi tulinganishe. Slebu ya mita kumi kwa sita, unene sentimita 15, ni kyubiki tisa. Eneo la chini mita 60, kingo zinaongeza karibu tano. Mbao zimelala juu ya mbili kwa nne kila sentimita 60, na uzito wa zege unazikandamiza chini, kwa hiyo hazihitaji kushikwa sana. Kwa mita ya mraba nahesabu misumari minane ya inchi 3, na saba ya inchi 4 kwa mirunda na viunga vyake. Hiyo ni gramu 140. Mita 60 zinakula kilo 8.4, kingo zinahesabiwa kama lenta, robo kilo kwa mita ya mraba, kilo moja na kidogo. Ukiongeza upotevu unafika kilo 11. Mafuta, kama ni plaiwudi, ni lita tatu na robo hivi.

Mmeiona? Lenta ya kyubiki mbili kasoro imekula kilo kumi za misumari na lita tatu za mafuta. Slebu ya kyubiki tisa imekula kilo 11 na lita tatu na robo. Kwa kyubiki, lenta ni kilo tano na lita moja na nusu, slebu ni kilo moja na robo na theluthi ya lita. Hakuna wastani wa hizo mbili utakaofaa popote.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya makadirio, zege la msingi liandike peke yake bila misumari. Lenta na slebu kila moja iwe na mstari wake wa mita za mraba za shata, na misumari na mafuta yatokane na mstari huo. Kilo kwa kyubiki iandike pembeni kabisa, mwisho, kwa ajili ya mwenye nyumba anayetaka kulinganisha, na uandike karibu yake upana wa ukuta.

Kuna anayeuliza kama misumari ya zamani irudi kwenye hesabu. Kwenye nyumba ya lenta moja, hapana, hesabu yote mipya, utakayoiokoa ni akiba. Kwenye ghorofa ambalo shata inapanda sakafu hadi sakafu, mimi narudisha theluthi, tena ya inchi 4 tu. Za inchi 3 zikishanyooshwa zinapinda tena palepale. Ili ikurudie, usizamishe kichwa cha msumari pale ambapo hakuna mzigo, acha milimita chache nyundo ipate pa kushika. Ubao wenyewe utakushukuru, maana unaochimbuliwa misumari iliyozama ndio unaopasuka vichwa.

Sasa mzani uko hapa mezani, misumari ipo, na mbao nimeziegemeza ukutani pale, moja mpya na moja iliyokwisha kutumika, na nusu lita ya mafuta kwa kila moja. Wanafunzi waanze kupaka, tupime kila nusu lita inaishia wapi.